Afisa wa Kodi Mwenye Haraka

Mteja akiingia steshenari yangu bila salamu, simu ameinyoosha mbele kwa mikono miwili kama kikombe cha chai iliyojaa pomoni, najua kabla hajafungua mdomo kwamba ameandikiwa na "TRA". Mwenye kudurufu cheti husalimia. Mwenye kutaka picha za pasipoti husalimia, kisha huulizia kioo. Huyu wa kodi huanza na neno "Hebu", anakukabidhi simu, anajitupa kwenye kiti cha wateja na kuanza kujipepea na fomu za watu.

Steshenari ya Kariakoo si duka la kalamu. Ni ofisi ya serikali isiyo na bendera. Hapa ndipo watu wanapoombea TIN, wanapojaziwa fomu za NIDA, wanapochapishiwa barua ya kumbembeleza mwenye nyumba. Kwa hiyo meseji zote za vitisho vya mjini hupita mikononi mwangu, na nimeshafika mahali ninaweza kumtambua tapeli kwa jinsi anavyoweka nukta. Huwa haweki. Ana haraka.

Haraka hiyo inamfaa sana hapa, na sababu yake mtu wa nje anaweza asiielewe. Herufi hizo tatu za TRA zikitamkwa kwa sauti mtaa wa Kongo, kuna milango ya chuma itashuka kabla hujamaliza sentensi. Mwezi Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa, na kilio chao kikubwa kilikuwa ile waliyoiita kamatakamata ya kodi, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja viwanja vya Mnazi Mmoja kukaa nao na kuwasikiliza. Juni mwaka 2024 wakafunga tena. Katika mji wenye kumbukumbu kama hizo, tapeli hahitaji kubuni hofu. Anaikuta ipo, imeshapangiwa fremu, anaikodisha tu.

Ile meseji yake ya zamani ilikuwa ya kubahatisha. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Alikuwa anaituma kwa watu wengi akiomba Mungu mmoja wao awe anadaiwa kweli na mwenye nyumba au fundi wa gari. Wengi walicheka. Lakini mwambie mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba anadaiwa na TRA, utakuta hata asiyedaiwa anaanza kupiga hesabu za mwaka juzi.

Ndivyo shangazi yangu alivyonijia mwezi Februari mwaka 2025. Shangazi ana meza ya vifungo, zipu na lastiki kwenye korido ya jengo moja mtaa wa Mkunguni. Ni mwanamke anayeweza kukuuzia zipu ya inchi nane ukaondoka unaamini umemwibia. Hajawahi kuogopa mgambo, mvua wala bei ya mzigo. Siku hiyo alikuwa amevaa kandambili mbili zisizofanana.

"Shikamoo shangazi."

"Hebu soma hii, mwanangu. Usinifiche kitu."

Meseji ilisema hivi, na namba nimeikata kwa makusudi:

> NDUGU MLIPA KODI BIASHARA YAKO INADAIWA TSH 487,500 KODI YA MAPATO MWAKA 2024 UNATAKIWA KULIPA NDANI YA MASAA 2 KUEPUKA KUFUNGIWA BIASHARA NA AKAUNTI ZA BENKI TUMA KWENDA NAMBA HII 07… UKISHATUMA PIGA UPEWE RISITI AFISA KODI MWANDAMIZI TRA MAKAO MAKUU

Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba ni utapeli, nirudi kwenye mashine yangu ya kudurufu iliyokwama. Lakini uwezo wa kunyamaza kwanza ni kipaji, na mimi siku hiyo kilinisaidia, kwa sababu bila hicho nisingesikia sehemu tamu ya habari. Shangazi alikuwa ameshampigia afisa. Tena hakumpigia kwa kuogopa tu. Alimpigia kupunguziwa bei.

"Nilimwambia, mwanangu, laki nne na themanini na saba si hela ya kuitamka hivyo, kwani mimi nina kiwanda? Akasema nina huruma mama, toa laki tatu. Nikamwambia hata wewe una mama. Akashuka mpaka laki na themanini. Nikamwambia laki na ishirini tuelewane, akasema hapo atakula hasara."

Winga anayekaa mlangoni kwangu akisubiri wateja wa kuwapeleka maduka ya watu alikuwa amesogea. Naye akatoa maoni ya kitaalamu: "Laki na themanini kutoka laki nne na themanini si mbaya, maza. Mimi ningekufikishia laki na hamsini."

Nilimuuliza shangazi swali moja: mkate wa sinia una bei ya kupatana, lastiki ina bei ya kupatana, lakini kodi iliyokokotolewa makao makuu inashuka vipi laki tatu kwa dakika nne kwa sababu afisa naye ana mama? Shangazi alinitazama kama mtu aliyekuwa hajaliona hilo. Kwake yeye, kitu kisichopunguzwa ndicho cha kutiliwa shaka.

"Sasa ulituma?" 

Hapo akajifuta jasho. Alikuwa amefika kwenye hatua ya mwisho kabisa. Ameingiza namba, ameingiza kiasi, na simu ikamletea jina la mwenye namba ili athibitishe. Jina lilikuwa la mwanamke. Afisa alishamwandaa kwa hilo, alimwambia litakuja jina la mhasibu. Lakini kwa bahati jina hilo la kwanza na la pili lilifanana, herufi kwa herufi, na la mwanamke aliyemchukulia mume mwaka ule walipokuwa wanakaa Buguruni. Shangazi akasitisha muamala. "Nikasema hata kama ni serikali, huyu simpi hela yangu."

Kwa hiyo shangazi yangu aliokolewa na wivu. Sidharau. Watu wengine hawana hata huo. Lakini jambo alilolifanya kwa chuki ndilo kipimo cha kwanza ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya akiwa amesimama kwenye kituo cha mwendokasi cha Msimbazi: soma jina kabla ya kuthibitisha. Kodi haiendi kwenye namba ya simu ya mtu, awe mhasibu, afisa, dereva wake au shemeji yake. Haiendi kwenye lipa namba ya dukani pia. TRA hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 ambayo mjini tunaiita kontrol namba, na kwenye simu huingizwa kwenye menyu ya malipo ya Serikali, si kwenye "tuma pesa". Mfumo huo wa malipo ya Serikali ulianza kutumika mwaka 2017 na sasa hata faini ya barabarani inapita humo. Mtu akikuelekeza "tuma pesa", ameshajitaja.

Shangazi hakuridhika. Kipimo hicho kilimwambia kwamba afisa ni mwongo, hakikumwambia kwamba yeye hadaiwi. Na hili ndilo wengi wetu tunalikosea tukiwashauri watu. Tunamwambia mtu "huyo tapeli, achana naye", tunampokonya tapeli na kumwachia hofu. Kesho yake tapeli mwingine anaikuta hofu iko palepale.

Kwa hiyo tulichukua kikokotoo. Kiasi kina asili yake, kama ni cha kweli lazima kiwe kimetoka mahali. Mfanyabiashara mdogo kama yeye hulipa kodi ya makadirio kulingana na mauzo ya mwaka mzima. Kwa viwango vya mwaka 2024, mauzo yakiwa chini ya shilingi milioni 4 halipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Kati ya milioni 7 na 11, hulipa 250,000. Juu ya hapo hadi milioni 100, ni asilimia 3.5 ya mauzo. Shangazi alikadiriwa mauzo ya milioni 9, na kumbukumbu zake ni daftari la mwanafunzi lililoliwa kona na panya, kwa hiyo kwake ni 250,000 kwa mwaka, inayogawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila awamu 62,500.

Sasa 487,500 imetoka wapi? Kwenye jedwali haipo. Ukiipeleka kwenye asilimia 3.5 unapata kwamba shangazi aliuza vifungo vya karibu milioni 14. Alipoisikia hiyo alikaa wima kwa mara ya kwanza. "Milioni kumi na nne! Basi huyo mtu hajawahi kuiona hata meza yangu."

Nilimwonyesha pia kisichokuwepo kwenye meseji. TIN yake haikuwepo. TIN ni tarakimu tisa, na TRA anayekudai anakufahamu kwa hiyo kabla ya kukufahamu kwa jina. Jina lake halikuwepo, ni "ndugu mlipa kodi" tu, na shangazi akauliza kama yeye ni ndugu. Hakukuwa na awamu inayodaiwa, wala barua au makadirio yanayotajwa. Yote yaliyokuwepo ni kiasi, namba na saa mbili.

Hizo saa mbili ndizo nilizozipenda. Mimi nina mapenzi na Serikali yangu, lakini haijawahi kunikimbiza hivyo. Usipokubaliana na makadirio ya kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu ulipoletewa kuwasilisha pingamizi. Siku thelathini! Katika muda huo mtu wa Kariakoo anaagiza mzigo, anauuza, anaingia hasara na kusamehewa. Ni kweli TRA wana uwezo wa kisheria wa kuzifikia fedha zilizo benki za mtu mwenye deni, na tapeli ameiokota habari hiyo mahali, ndiyo maana aliitaja akaunti. Lakini huko hufikiwa baada ya deni kuandikwa, kufikishwa na kutolipwa. Hakufikiwi kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Tena shangazi hana akaunti ya benki. Ana kikundi cha kina mama na kopo.

Tukapiga simu. Siyo kwenye namba iliyoandika, wala ile aliyoambiwa "piga upewe risiti". Mwenye kukuandikia ndiye huyo huyo atakayepokea, na atakuthibitishia kwa sauti nzito kwamba yeye ni yeye. Namba ya kupiga ni ile uliyoipata kwingine: kwenye tovuti ya TRA, kwenye karatasi yako ya makadirio, kwenye ukuta wa ofisi yao. Kituo chao cha huduma kinapatikana bure kwa 0800 750 075 na 0800 780 078. Nilimwekea simu sauti ya juu. Korido nzima ikanyamaza, mzee wa kahawa akasimama na birika, hata mashine yangu iliyokwama nadhani ilisikiliza. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alisema TRA hawapokei kodi kwa namba ya mtu binafsi, asitume chochote, na kujua kama anadaiwa aende ofisi ya kodi inayomhudumia na TIN yake au aangalie kwenye mfumo wa walipakodi.

Winga, ambaye alikuwa hajafurahia kuona mambo yanaisha bila yeye, akatoa simu yake. Naye alikuwa na yake, ya kisasa zaidi. Ilikuja wasapu ikiwa na nembo na kiungo cha kubonyeza "kuhakiki deni". Ameibonyeza? Hakujibu. Alitazama barabarani.

Nilimpa somo fupi la kusoma anwani. Tovuti ya TRA ni `tra.go.tz`, na mfumo wa walipakodi wakati huo ulikuwa `taxpayerportal.tra.go.tz`. Kinachotazamwa ni mwisho wa jina, pale kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata. Lazima liishie kwa `tra.go.tz` bila kuongezewa kitu. Kiungo cha winga kilianza vizuri, kilikuwa na "tra" na "go" na "tz" zote, halafu kikaendelea na vistari na maneno hadi kikaishia kwenye jina lisilohusiana na Tanzania hata kidogo. Herufi za mbele mtu yeyote anaweza kuzipanga apendavyo. Mwisho ndio wenye mwenyewe. Na njia salama kuliko zote ni kutobonyeza kabisa, uandike anwani mwenyewe kwa kidole chako. Winga aliuliza kama kubonyeza tu bila kuandika kitu ni vibaya. Nikamuuliza kama aliandika kitu. Akatazama tena barabarani, kisha akakumbuka ana mteja Aggrey. Alirudi jioni kubadilisha namba ya siri ya pesa zake, akidai ni ya zamani.

Nikubali kwamba kontrol namba nayo si hirizi. Jirani yangu Mangi wa duka la vinywaji aliletewa moja na kishoka aliyejitia kumshughulikia deni lake "kwa ndani". Tarakimu 12, inaanza na 99, kila kitu sawa. Mangi akaja kwangu tuilipe kupitia benki, nami nikaingiza namba, skrini ikaleta maelezo ya ankara. Namba ilikuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba jina la mlipaji halikuwa la Mangi, na kilichokuwa kinalipiwa hakikuwa kodi ya duka la vinywaji. Kuna mtu mahali fulani alikuwa na deni lake halali la Serikali, na Mangi alikuwa anakaribia kumlipia kwa moyo mmoja, na angepata risiti halali ya mtu mwingine. Kwa hiyo namba ikiwa ya kweli bado uliza swali la pili: ni ya nani, na ya nini? Jina, kiasi na maelezo vikipishana na vya kwako, funga ukurasa. Namba ya kuaminika ni ile uliyoitoa mwenyewe kwenye mfumo au uliyopewa dirishani na karatasi yako.

Mangi alijifunza, lakini akajifunza kupita kiasi. Tangu siku hiyo kila meseji kwake ni utapeli. Benki wakimwandikia, utapeli. Luku ikimletea tarakimu za umeme, anazitazama kwa jicho moja. TRA nao huwa wanatuma meseji za kweli, za kukumbusha tarehe ya awamu, na Mangi alizifuta huku akicheka peke yake na kuwaonyesha watu jinsi wezi walivyo wajinga, wanakumbusha tarehe bila hata kuomba hela! Hiyo ndiyo ilikuwa alama kwamba ni ya kweli. Awamu ikapita, riba ikaanza kuhesabu, na siku alipokwenda kutafuta cheti cha kulipa kodi ili ahuishe leseni, akakuta ile "meseji ya wezi" imekaa dirishani inamsubiri. Hadi leo anaamini kuna mtu wa ndani.

Kuhusu kumjibu tapeli, korido ilikuwa na mapendekezo mengi. Mzee wa kahawa alitaka atukanwe kwa Kimanyema. Winga, alipokuwa bado hajakumbuka mteja, alitaka kujifanya askari wa kitengo cha mitandao. Nilikataa yote, na si kwa ustaarabu. Ukimjibu, hata kwa tusi, umemwambia kwamba namba hii ina mtu, mtu anasoma, na ana hasira. Hiyo ni taarifa yenye thamani kwake, utaandikiwa na wenzake wote. Tulichofanya ni kuupiga picha ujumbe kwenye skrini, kisha tukaupeleka kama ulivyo kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Mfumo ukajibu ukitaka namba iliyotuma. Shangazi alikuwa ameshaihifadhi kwenye simu kwa jina la "Afisa Kodi Mkweli", kwa sababu alishusha bei. Tukaitoa humo, tukaituma, tukaizuia.

Kama angekuwa ameshatuma hela, mambo yangekuwa ya kukimbia kwa kweli, na hapo tu ndipo haraka ina kazi. Unapiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, unaomba muamala uzuiwe kabla fedha haijatolewa kwa wakala. Dakika moja ni nyingi sana hapo. Tapeli hana subira ya kuweka akiba, ikishatoka kwa wakala mtandao hauna cha kuzuia. Baada ya hapo ni kituo cha polisi, kwetu ni pale Msimbazi, na meseji yako, na ujumbe wa muamala, kuchukua RB. Na ukishapoteza, jiandae kwa mgeni wa pili: atakupigia mtu mwenye sauti ya huruma akisema ni wa mtandao au wa mamlaka, wameikamata fedha yako, taja tu namba ya siri irudi. Huyo si mwokozi. Ni zamu ya mchana ya kampuni ileile. Wa mtandao wako hupiga kwa 100, na hata huyo haombi namba ya siri.

Siku iliyofuata nilimsindikiza shangazi ofisi ya kodi ya Kariakoo, maana alisema peke yake haendi, atakamatwa. Alivaa vizuri kupita siku ya Idi. Foleni ilikuwa ya kawaida, na njiani kote alikuwa na furaha, akiwasimulia watu asiowajua jinsi alivyomkwepa mwizi, kila mara tapeli akizidi kuwa mrefu na mwenye suti. Tulipofika dirishani kijana akachukua TIN, akaingiza, akatazama skrini.

"Mama, unadaiwa awamu ya Desemba. Elfu sitini na mbili na mia tano, na riba kidogo."

Shangazi alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. "Kumbe yule mwizi alikuwa anajua!"

Hakuwa anajua. Mwizi huandikia watu wengi, na wengi wetu hapa Kariakoo tuna awamu moja mahali fulani imelala. Nilimweleza hivyo kwa kunong'ona, lakini hakunisikiliza, alikuwa ameshaegemea dirisha kwa kiwiko, namna ile anavyoegemea meza yake mteja akianza kulegea. Kijana alimchapishia namba ya malipo: tarakimu 12, jina lake kamili, TIN yake, kodi ya mapato, awamu ya nne. Shangazi aliisoma yote taratibu, jina kwa jina, akakuta hakuna mke mwenza humo. Kisha akamtazama kijana kwa tabasamu.

"Mwanangu, hii elfu sitini na mbili ni bei ya mwisho? Maana mwenzio jana alinipunguzia laki tatu nzima, na wala hakunijua."

Kijana alimtazama, akanitazama mimi, akaona hakuna msaada.

"Mama, mwenzangu yupi?"

"Yule wa makao makuu," akasema shangazi. "Wewe bado mdogo, utafika."